Ardhi ya Wakfu Katika Ukanda wa Dhahabu

Dhahabu inapogunduliwa karibu na msikiti, iwe Kahama au Geita, watu huanza kuulizana bei. Mimi nadhani swali linalopaswa kutangulia ni jingine: nani mwenye mamlaka ya kuuza?

Msingi wa wakfu ni kisa cha Umar bin al-Khattab, aliyepata shamba Khaybar akamwuliza Mtume alifanyie nini. Alishauriwa azuie asili na kutoa mazao yake sadaka. Tangu hapo shamba lile halikuuzwa, halikutolewa zawadi wala halikurithiwa. Wanaonufaika ni wale aliowataja mweka wakfu: mafukara, wasafiri, wanaoswali. Msimamizi, yaani mutawalli, hutunza tu. Hana cha kuuza kwa sababu hamiliki.

Je, kubadilisha kunaruhusiwa? Wanachuoni wa Kihanafi hukubali wakfu uliokosa manufaa ubadilishwe kwa idhini ya kadhi. Washafi, ambao ndio wengi kwetu, ni wagumu zaidi: msikiti hata ukibomoka, ardhi yake haiuzwi. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mwaka 2012 kiwanja cha Chang'ombe, Dar es Salaam, ambacho Bakwata ilikuwa imekibadilishana na kampuni binafsi, kiliingiwa na Waislamu waliosema ni wakfu. Sheikh Ponda Issa Ponda na wenzake wakafikishwa mahakamani. Kilichokuwa jinai mbele ya hakimu kilikuwa suala la fikihi machoni pa waumini.

Kuna ugumu mwingine. Wakfu ni wa milele, lakini kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote nchini ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Hati ya kumiliki haizidi miaka 99. Kwa hiyo mwumini wa Geita huweka wakfu haki yake ya kuitumia ardhi pamoja na jengo alilojenga, si udongo wenyewe wala dhahabu iliyo chini yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee anatoa kiwanja kijengwe msikiti, lakini hati inabaki kwa jina la imamu. Imamu anafariki, kisha mgodi unataka eneo hilo na kulipa fidia. Wanaokwenda kudai ni watoto wa imamu, na karatasi inawaunga mkono. Hati ingeandikwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa Rita, mlango huo wa warithi ungefungwa.

Hata hivyo usajili hauzuii kuhamishwa. Serikali ikitwaa eneo, fidia haigeuki kuwa mali ya wadhamini wala ya kugawana. Fedha hiyo imechukua nafasi ya wakfu, na inapasa kununua kiwanja kingine kwa kusudi lile lile la mweka wakfu. Atakayetaka kujua kama wakfu umeuzwa au umehamishwa, atazame jambo moja tu: kiko wapi kiwanja kilichonunuliwa badala yake?