Kurudishwa kwa gemu za zamani: njia nne

Uboreshaji, utengenezaji upya, mwanzo mpya na mwendelezo ni njia nne ambazo kampuni ya gemu hutumia kurudisha sokoni jina la zamani. Matangazo hupenda kuzitofautisha kwa uzuri wa picha, lakini swali lenye maana ni moja: nini kimebakizwa kutoka kazi ya kwanza? Mwendelezo hubakiza historia yote na kuiongezea sura mpya. Utengenezaji upya hubakiza hadithi na mahali, huku programu ikiandikwa upya. Uboreshaji hubakiza programu yenyewe na kuivisha picha safi. Mwanzo mpya hubakiza jina na mhusika, mengine hufutwa.

Tomb Raider ni mfano mzuri kwa kuwa imepitia njia zote nne. Gemu ya kwanza ilitoka mwaka 1996, kazi ya studio ya Core Design ya mjini Derby, Uingereza, na ikasambazwa na Eidos. Iliuzika sana, na kuanzia 1997 hadi 2000 kila mwaka ulikuwa na toleo lake. Mwendelezo huchaguliwa wakati wachezaji bado wana hamu na zana ziko tayari: injini ileile, shujaa yuleyule, nchi nyingine za kuzuru. Kinachoiua njia hii ni uchovu. Mwishoni mwa toleo la 1999 watengenezaji walimwacha shujaa wao, Lara Croft, amefukiwa na vifusi nchini Misri. Mwaka 2003 Angel of Darkness ilitoka ikiwa na kasoro tele, na baada ya hapo Eidos ikaihamishia kazi hiyo Crystal Dynamics ya Marekani.

Studio hiyo ndiyo iliyotoa Anniversary mwaka 2007, ambayo ni ile gemu ya 1996 iliyotengenezwa upya. Ili kuelewa kwa nini haikutosha kung'arisha picha, inabidi kuangalia jinsi ya kwanza ilivyojengwa. Dunia yake yote ilipangwa kwa vipande vya mraba vinavyolingana, na kila mruko wa Lara ulipimwa kwa vipande hivyo. Mchezaji alisimama ukingoni, akaruka hatua moja nyuma, akakimbia na kubonyeza kitufe cha kuruka kabla ya kufika ukingo. Aliyeizoea hesabu hiyo hakukosea. Mgeni alianguka shimoni mara kwa mara. Anniversary iliacha hesabu hiyo. Lara wake anadaka kingo kwa wepesi na ana kamba yenye ndoano. Hata dinosauri wa Bonde Lililopotea, ambaye zamani alitokea tu na kukufukuza, sasa ana pambano lenye hatua zake: unampiga risasi mpaka akasirike na kukuvamia, kisha unamkwepa. Hadithi ni ileile, gemu ni nyingine. Njia hii huchaguliwa pale kisa kingali kinapendwa lakini namna ya kukicheza inamkimbiza mteja mpya. Gharama yake hukaribia ile ya gemu mpya kabisa.

Mwanzo mpya ulikuja mwaka 2013, Lara akiwa msichana wa miaka 21 aliyevunjikiwa na meli katika kisiwa cha Yamatai, kana kwamba matoleo ya awali hayakuwahi kuwapo. Kampuni huchukua hatua hii historia ya mhusika inapokuwa mzigo: mteja mpya anahisi amechelewa, na waandishi wamefungwa na yaliyokwisha kusimuliwa. Ni njia ghali. Gemu hiyo iliuza nakala milioni 3.4 ndani ya wiki chache, na bado Square Enix, iliyokuwa imeinunua Eidos, ikatangaza kwamba mauzo hayakufikia matarajio.

Uboreshaji ulikuja mwishoni, Februari 2024, Aspyr ilipotoa gemu tatu za kwanza kwa pamoja. Hapa mtu anaweza kuthibitisha kwa macho yake, maana kitufe kimoja hubadilisha picha mpya na ya zamani papo hapo katikati ya mchezo. Lara haondoki mahali aliposimama, kwa sababu chini ya picha zote mbili inaendeshwa programu ileile, na vipande vya mraba bado vipo. Ndiyo maana namna mpya ya kumwongoza iliyoongezwa haikumkaa vizuri: miruko ilipimwa kwa ile ya kale. Kwa kampuni, hii ndiyo njia nafuu kuliko zote, ila inadai msimbo chanzo uwe umehifadhiwa. Konami ilipoboresha Silent Hill 2 mwaka 2012, msimbo uliopatikana haukuwa wa toleo la mwisho, na ukungu mzito ulioificha mipaka ya mji ukatoka mwepesi.

Mnunuzi asitegemee maandishi ya kwenye boksi. Atazame video ya dakika chache za mchezo: mienendo ikiwa ya zamani chini ya picha mpya, huo ni uboreshaji, na bei yake iwe ndogo kuliko ya gemu mpya.