Itadakimasu na Gochisosama: Maneno ya Zamani, Desturi Changa

Katika shule ya msingi ya Kijapani, mtoto hagusi vijiti vyake hata kama chakula kiko mbele yake. Wenzake wa zamu, waliovaa aproni na kofia nyeupe, wakimaliza kugawa wali na supu, mmoja wao husimama mbele na darasa zima huunganisha viganja na kusema: itadakimasu. Wakishakula, viganja hukutana tena: gochisosama deshita.

Itadakimasu limetokana na kitenzi itadaku, ambacho asili yake ni kukiweka kitu juu ya kichwa. Aliyepewa kitu na mkubwa wake alikiinua hadi usawa wa utosi kwa heshima. Kwa hiyo anayelitamka anajishusha na kupokea. Anapokea kutoka kwa nani? Neno lenyewe halisemi, na hapo ndipo linapotofautiana na bismillahi na alhamdulillahi zetu. Wengine huwashukuru mkulima na mpishi. Wengine, hasa wafuasi wa madhehebu ya Kibudha ya Jodo Shinshu, huukumbuka uhai wa samaki, kuku na mimea uliokatishwa ili wao waishi.

Gochisosama linamwelekea zaidi mwenyeji. Chiso ni kukimbia huku na huku, kama afanyavyo mtu aliyepata mgeni na anahangaikia kitoweo. Mteja humwambia hivyo mpishi wa mgahawa anapotoka, ijapokuwa amelipa. Nyumbani, mpishi wa kizamani hujibu osomatsusama, yaani chakula chenyewe kilikuwa duni tu, hata kama ameshinda jikoni kutwa.

Wengi hudhani kwamba familia za Kijapani zimekuwa zikiyasema haya tangu kale. Mwanahistoria wa utamaduni Kumakura Isao ana hoja tofauti: itadakimasu ilienea majumbani katika enzi ya Showa, iliyoanza mwaka 1926. Kabla ya hapo, katika nyumba nyingi kila mtu alikuwa na hakozen yake, kisanduku chenye bakuli na vijiti ambacho mfuniko wake ukigeuzwa huwa sinia. Watu walikula kimya. Mlaji alimimina chai au maji ya moto bakulini, akalisuuza, akayanywa, akarudisha vyombo sandukuni. Meza fupi ya pamoja, chabudai, ndiyo iliyowakusanya mahali pamoja, na shule ikawazoesha watoto kutamka kwa sauti moja. Sheria ya chakula cha shuleni ya mwaka 1954 iliipa desturi hiyo uwanja mpana zaidi.

Mwaka 2005, katika kipindi cha redio cha Ei Rokusuke, ilisomwa barua kuhusu mama aliyetaka mwanawe asilazimishwe kusema itadakimasu shuleni, kwa kuwa ada ya chakula analipa yeye. Wasikilizaji wengi walimpinga, ila wapo waliomuunga mkono. Mimi naona alichanganya mambo: ada humlipa mwenye kuuza, na huyo siye anayeshukuriwa.