Darasa la Kwanza Tangu Enzi za UPE: Historia Fupi ya Shule Yetu

Nimeombwa niage, nami nitaaga kwa kusimulia historia ya shule hii kupitia chumba kimoja tu, darasa la kwanza, nililofundisha karibu muda wangu wote.

Shule yetu ni mtoto wa UPE. Novemba 1974 kikao cha TANU kule Musoma kiliazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni. Lengo la awali lilikuwa 1989. Wazee wa kijiji wakafyatua matofali, akina mama wakabeba maji, madarasa yakasimama. Walimu ndio waliokuwa adimu, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku huku vijijini: sehemu ya siku wanafundisha, sehemu wanajisomea, kwa masomo ya posta na ya redio. Nimesikia watu wakitamka "mwalimu wa UPE" kwa dharau. Aliyenifundisha mimi kusoma, katika shule hii hii, alikuwa mmoja wao. Heshima yake nailinda hadi leo.

Alitufundisha kwa silabi. Aliandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, akagusa kila moja kwa fimbo, nasi tukaitikia kwa pamoja. Njia hiyo iliwatosha watoto wengi, kwa sababu maneno ya Kiswahili husomwa kama yalivyoandikwa. Shida yake ni kwamba mtoto anaweza kuukariri mstari kama wimbo. Ukimwonyesha "bo" peke yake, anaanza kimoyomoyo kutoka "ba" mpaka aifikie. Darasa likiwa dogo, mwalimu anamwona. Likijaa, mtoto huyo anajificha ndani ya sauti za wenzake.

Nilipoajiriwa, michango ilikuwa imerudi, na kila muhula kulikuwa na watoto waliorudishwa nyumbani kuifuata. Kisha ukaja MMEM. Januari 2002 ada ya shule ya msingi haikuwapo tena, na watoto wakamiminika. Waliopitwa na umri waliingia MEMKWA, lakini wengine walikaa na wadogo zao kwenye dawati moja, na waliokosa dawati wakakaa sakafuni. Tuligawa darasa kwa mikupuo miwili, asubuhi na mchana.

Mwaka huo binti mmoja alinisomea ukurasa mzima wa kitabu bila kukosea hata neno. Nilifunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno la mstari wa mwisho. Akarudi juu, akaanza kusoma upya. Nikamwambia tusome kutoka chini kwenda juu, neno moja moja, naye akanyamaza. Alikuwa ameukariri ukurasa kwa kuwasikia wenzake. Tangu siku hiyo sikumpitisha mtoto kabla hajasoma kutoka chini, picha ikiwa imefunikwa. Binti yule tulianza naye kwenye sauti moja moja: m, kisha a, kisha ma, kisha mama. Kilichomchelewesha zaidi ni herufi zinazofuatana, kama katika mbwa na nywele, na ile tofauti ya ngoma na ng'ombe. Alisoma, lakini ilitubidi tubaki naye baada ya mkupuo wa mchana, muhula mzima.

Mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK kwa darasa la kwanza na la pili, ukaweka muda mwingi kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na ukataka mtoto aanze na sauti za herufi. Nilifurahi sana. Lakini Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza, darasa likafurika tena. Njia ya sauti inamtaka mwalimu amsikilize mtoto mmoja mmoja, na vipindi vya dakika thelathini haviwatoshi watoto zaidi ya mia. Milango ilifunguliwa mara tatu katika maisha yangu, na nashukuru kila mara ilipofunguliwa. Nasikitika kwamba mara zote tatu watoto walitangulia, walimu na vyumba wakafuata nyuma.

Sasa elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na wanangu wa darasa la kwanza watakuwa na mwaka mmoja pungufu wa kufidia wasichokijua. Mwalimu utakayepokea daftari langu la mahudhurio, utakuta majina yenye nukta ya penseli pembeni. Hao bado hawasomi kutoka chini. Wako kumi na mmoja. Naomba Mwalimu Mkuu akupe nusu saa pamoja nao kila siku kabla ya kengele ya kwanza, kuanzia Jumatatu.