Mtihani wa nadharia ya udereva Uingereza: Yanayomsubiri Mkenya siku ya mtihani

MKENYA anayehamia Uingereza kufanya kazi anaruhusiwa kuendesha gari kwa leseni ya nyumbani kwa miezi 12 tangu aanze kuishi huko. Muda huo ukiisha, leseni ya Kenya haiwezi kubadilishwa kwa ya Uingereza. Analazimika kuchukua leseni ya muda ya mwanagenzi, kufanya mtihani wa nadharia kwenye kompyuta, kisha ule wa barabarani. Kwa mhudumu anayezunguka nyumba hadi nyumba kuwatunza wazee, kuanguka mtihani kunaweza kumwachisha kazi.

Siku ya mtihani, stakabadhi inayohitajika ni moja: leseni ya muda yenye picha, iliyotolewa Uingereza. Pasipoti ya Kenya na leseni ya Kenya hazichukui nafasi yake. Asiyekuwa nayo hafanyi mtihani, na ada yake ya pauni 23 hairudishwi. Aliyepoteza leseni anapaswa kuagiza nyingine mapema na kuahirisha mtihani zikiwa zimesalia angalau siku tatu kamili za kazi. Akichelewa kuahirisha, ada hiyo imekwenda.

Ni busara kufika robo saa kabla ya wakati, kwani anayechelewa anaweza kufungiwa nje. Simu, saa, mkoba na vitabu huwekwa kwenye kabati lenye kufuli. Wasimamizi hukagua mifuko, mikono ya nguo na masikio ili kuhakikisha hakuna kifaa kilichofichwa. Tangu Aprili 2014 hakuna mkalimani wala sauti ya lugha za kigeni, hivyo maswali yote ni ya Kiingereza, au Kiwelshi kwa anayekijua.

Sehemu ya kwanza ina maswali 50 ya kuchagua jibu, yanayofanywa kwa dakika 57. Kabla ya saa kuanza kuhesabu, mtahiniwa hupewa maelezo na nafasi ya kujaribu maswali machache ya mazoezi. Swali gumu linaweza kutiwa alama na kurudiwa baadaye. Maswali matatu hutokana na video fupi, ambayo inaweza kutazamwa tena. Ili kupita, lazima apate 43.

Baada ya mapumziko yasiyozidi dakika tatu huja sehemu ya pili, inayowaangusha hata madereva wa miaka mingi. Mtahiniwa hutazama video 14 za barabarani na kubonyeza kipanya anapoona hatari inayoanza kutokea, yaani jambo litakalomlazimu dereva kupunguza mwendo au kubadili njia. Video 13 zina hatari moja moja na moja ina mbili, hivyo hatari ni 15. Kila moja ina alama tano kwa anayeiona mapema, na alama hupungua kadiri anavyochelewa. Jumla ni 75 na kiwango cha kupita ni 44. Hapa video hairudiwi.

Tatizo ni kwamba dereva mzoefu hubonyeza mapema mno. Tuseme gari limeegeshwa kando ya barabara. Yeye hulishuku papo hapo na kubonyeza, lakini kompyuta haijaanza kuhesabu alama. Inaanza pale gari linapowasha taa ya kugeuka au kuanza kusogea. Dawa ni kubonyeza anapolishuku, kisha kubonyeza tena linapoanza kusogea. Hata hivyo, anayebonyeza ovyo mfululizo au kwa mpigo mmoja kama ngoma hupewa sufuri katika video hiyo.

Matokeo hutolewa papo hapo kituoni, kwa barua inayoonyesha sehemu zilizomshinda. Chukua mfano wa mtahiniwa aliyepata 46 katika maswali na 41 katika video. Ameanguka mtihani mzima kwa upungufu wa alama tatu, na zile 46 hazihifadhiwi. Atalipa pauni 23 tena na kurudia sehemu zote mbili.

Sheria inamtaka asubiri angalau siku tatu za kazi. Akianguka Alhamisi, siku hizo ni Ijumaa, Jumatatu na Jumanne, kwa hivyo Jumatano anaweza kurudi. Lakini kurudi upesi bila kubadili namna ya kubonyeza ni kutupa ada. Afadhali achague tarehe ya wiki mbili au tatu mbele, atumie muda mwingi kufanyia mazoezi video, huku akipitia maswali kidogo kila siku yasimtoroke.

Akipita, cheti hudumu miaka miwili na hakiongezwi muda. Asipofaulu mtihani wa barabarani katika kipindi hicho, huanza nadharia upya. Na iwapo miezi 12 ya leseni ya Kenya imekwisha, haruhusiwi kuendesha peke yake. Ni lazima aandamane na dereva mwenye sifa, gari likiwa na bima inayomhusu na vibao vya herufi L.