Namba ya Kadi Inaandikwa kwenye Ukurasa wa Nani?

Mwaka 2004 ulipokuwa ukielekea ukingoni, kampuni kubwa za kadi zilikubaliana kuunganisha masharti yao ya usalama. Hadi hapo kila moja ilikuwa na ya kwake, na mfanyabiashara aliyepokea aina tatu za kadi alilazimika kutii vitabu vitatu. Kiwango kipya, PCI DSS, kilitolewa mwezi Desemba mwaka huo. Miaka miwili baadaye Visa, Mastercard, American Express, Discover na JCB waliunda baraza la pamoja la kukisimamia.

Swali kuu la miaka ile lilikuwa juu ya seva: je, namba ya kadi inapita au inahifadhiwa kwenye mashine za duka? Kama jibu ni ndiyo, duka zima lilikuwa chini ya ukaguzi. Njia rahisi ya kukwepa mzigo huo ilikuwa kumpeleka mteja kwenye tovuti ya kampuni ya malipo. Anabonyeza "lipa", anwani iliyo juu ya kivinjari inabadilika, anaandika kadi yake huko, kisha anarudishwa dukani akiwa na risiti. Duka halikuigusa namba hata mara moja. Wafanyabiashara wengi hawakuipenda njia hii, kwani mteja alijikuta ghafla kwenye ukurasa wenye rangi na nembo nyingine, na baadhi ya wateja waliacha kununua.

Ndipo njia ya kati ikapatikana. Stripe, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2011, ilimpa msanidi programu faili ya JavaScript ya kuweka kwenye ukurasa wake mwenyewe. Visanduku vya kadi vilikuwa vya duka, na msanidi alivipamba apendavyo. Mteja alipobonyeza, skripti ile ilichukua namba na kuipeleka moja kwa moja kwa Stripe, ikarudi na tokeni, yaani alama isiyo na maana kwa mwizi, ambayo seva ya duka iliitumia kutoza. Seva haikuiona kadi. Kwa mtu aliyezoea swali la mwaka 2004, kazi ya usalama ilikuwa imekwisha.

Lakini ilikuwa imehamia pengine. Namba sasa ilikaa, ingawa kwa sekunde chache tu, ndani ya ukurasa uliotoka kwenye seva ya duka, na kila skripti iliyopakiwa kwenye ukurasa huo iliweza kuisoma. Toleo la 3.0 la kiwango, lililotoka Novemba 2013, liliona jambo hili. Baraza lilitunga dodoso jipya, SAQ A-EP, kwa maduka ambayo hayapokei namba lakini ukurasa wao ndio unaoamua namba itapita wapi. Dodoso hilo lilikuwa na maswali zaidi ya 100. SAQ A, fupi mno, lilibaki kwa wanaomhamisha mteja, na pia kwa wanaopachika ukurasa wa mtoa huduma ndani ya `iframe`.

Ruhusa hiyo ya `iframe` ndiyo iliyozaa visanduku vya kupachikwa tunavyovijua leo. Braintree waliviita Hosted Fields, na Stripe wakatoa vyao, Elements, mwaka 2017. Kwa macho, mteja anaona fomu ya duka. Kwa kweli kisanduku cha namba ni ukurasa mdogo unaotoka kwenye kikoa cha mtoa huduma, uliowekwa ndani ya ukurasa wa duka kama dirisha la nyumba ya jirani lililojengwa kwenye ukuta wako. Vivinjari vina kanuni ya tangu katikati ya miaka ya 1990: skripti ya kikoa kimoja haisomi kilichomo kwenye ukurasa wa kikoa kingine. Kwa hiyo skripti ya duka haiwezi kuzisoma tarakimu zinazoandikwa ndani ya kisanduku.

Thamani ya kizuizi hicho ilionekana wazi pale ambapo hakikuwepo. Mwezi Juni 2018 wavamizi waliingia kwenye mtandao wa British Airways kwa kutumia akaunti ya mfanyakazi wa kampuni nyingine iliyohudumia mizigo. Kuanzia tarehe 21 Agosti walibadilisha faili moja ya tovuti, maktaba ya kawaida iitwayo Modernizr, wakaongeza mistari 22 mwishoni. Mistari hiyo ilisubiri tukio la `mouseup` au `touchend` kwenye kitufe cha kutuma, yaani abiria ainue kidole. Hapo hapo ilikusanya kila kilichoandikwa kwenye fomu na kukituma kwa baways.com, kikoa kilichotengenezwa kifanane na cha shirika. Tiketi ilitolewa kama kawaida na malipo yalikamilika. Hakuna abiria aliyeona hitilafu. Wizi huo ulidumu hadi tarehe 5 Septemba, mtu wa nje alipolitahadharisha shirika. Mwaka 2020 mamlaka ya Uingereza ya ulinzi wa taarifa binafsi ililitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20.

Kama namba zingekuwa ndani ya `iframe` ya mtoa huduma, mistari ile 22, kama ilivyoandikwa, isingeziona. Hata hivyo nasisitiza maneno "kama ilivyoandikwa". Anayemiliki ukurasa wa nje anaweza kuiondoa `iframe` na kuweka fomu yake ya bandia inayofanana nayo. Wezi wamefanya hivyo. Mteja anaandika kadi, anaambiwa kuna kosa, kisha fomu ya kweli inatokea na anaandika tena. Wateja wakianza kulalamika kwamba kadi hukataliwa mara ya kwanza na kukubaliwa ya pili, usianzie benki. Fungua ukurasa wa malipo, angalia `src` ya kila `iframe`, kisha tazama ukurasa unatuma data kwa vikoa gani.

Toleo la 4.0 la kiwango, la Machi 2022, lilijibu hilo kwa masharti mawili yaliyopaswa kuanza kutumika tarehe 31 Machi 2025. La kwanza, 6.4.3, linataka orodha ya skripti zote za ukurasa wa malipo, kila moja ikiwa na idhini, sababu ya kuwepo, na njia ya kuthibitisha kwamba haijabadilishwa. La pili, 11.6.1, linataka chombo cha kugundua mabadiliko ya ukurasa huo kama kivinjari cha mteja kinavyoupokea. Kwa maduka madogo ulikuwa mzigo mzito, na mwishoni mwa Januari 2025 baraza liliyaondoa masharti hayo kwenye SAQ A. Badala yake mwenye duka athibitishe kwamba tovuti yake haiwezi kudhurika kwa mashambulizi ya skripti. Mwezi uliofuata likafafanua: uthibitisho huo unawahusu wanaopachika `iframe`, si wanaomhamisha mteja.

Kwa hiyo njia mbili zilizolala kwenye dodoso moja kwa zaidi ya miaka kumi zimetenganishwa. Anayemhamisha mteja bado ana kazi, kwa sababu mvamizi anaweza kubadilisha kiungo kiende kwa tapeli. Lazima aweke viraka vya usalama mapema na tovuti ipimwe kutoka nje kila miezi mitatu. Lakini hatakiwi kujibu kwa kila skripti ya matangazo au ya takwimu iliyo dukani. Anayepachika anatakiwa kujibu, ama kwa ulinzi wake mwenyewe, ama kwa kauli ya mtoa huduma kwamba visanduku vyake, vikiwekwa kama alivyoelekeza, vinalinda.

Kama wewe ni msanidi peke yako kwenye duka, na hakuna mtu wa kukagua skripti kila wiki, mhamishe mteja kwenye ukurasa wa mtoa huduma. Ukiamua kupachika, omba kauli hiyo kwa maandishi kabla ya kuandika mstari wa kwanza, na uondoe kwenye ukurasa wa malipo kila skripti ambayo malipo hayaihitaji.