Jina Lisilotamkika: Herufi za Mapambo katika Wasifu wa Mitandaoni

Mtu anayeandika wasifu wake kwa herufi nene au za mwandiko wa kujipinda, katika mtandao usio na kitufe cha kunenepesha maandishi, kwa kawaida hajabadilisha mwonekano wa herufi zake. Amezitupa na kuweka alama nyingine mahali pake. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, ila ndiyo inayoamua kama msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini, atalisikia jina la mwenye wasifu au la. Hoja yangu ni kwamba wajibu wa kuondoa kikwazo hiki ni wa mwandishi kwanza, na programu hufuata baadaye.

Asili ya alama hizo ni hisabati. Mwaka 2001, toleo la 3.1 la Unicode liliingiza fungu la herufi za hisabati, linaloanzia U+1D400 hadi U+1D7FF. Wanahisabati walikuwa na haja ya kweli, kwa kuwa katika fomula moja H nene na H ya mwandiko huweza kuwakilisha vitu viwili tofauti kabisa. Kwa hiyo kila moja ilipewa msimbo wake na jina lake. Tovuti zinazotoa “fonti maridadi” za kunakili na kubandika huchota humo. Hazitoi fonti yoyote, bali hubadilisha F yako kuwa alama ambayo jina lake rasmi ni herufi kubwa F nene ya hisabati.

Tuchukue wasifu wa kubuni wa fundi cherehani, wa aina tunayokutana nayo kila siku:

```
✨𝐅𝐮𝐧𝐝𝐢 𝐂𝐡𝐞𝐫𝐞𝐡𝐚𝐧𝐢✨
━━━━━━━━━━━━
📍 Kariakoo
➤ S U T I
➤ Nguo za harusi na
   vitenge
👇👇👇
```

Mstari wa kwanza ndio wenye hasara kubwa. Programu za kusoma skrini hazifanani: NVDA, JAWS, VoiceOver na TalkBack kila moja ina kawaida zake, na sauti iliyochaguliwa nayo huchangia. Nyingine hutaja jina refu la kila herufi, hivyo neno “Fundi” likawa orodha ya majina matano ya alama za hisabati. Nyingine husoma nambari za msimbo. Nyingine hunyamaza kabisa, na huo ndio mwisho mbaya kuliko yote, kwa maana msikilizaji hajui hata kwamba kuna kitu kimepita. Anayekerwa na kelele angalau ameambiwa kuwa kuna maandishi.

Neno SUTI lina kosa jingine. Herufi zake ni za kawaida, ila nafasi zilizowekwa katikati zimelivunja neno, kwa hiyo linasomwa herufi moja moja kana kwamba ni kifupisho. Mwongozo wa WCAG wa shirika la W3C unayataja makosa haya yote mawili: F71 ni kutumia alama zinazofanana na herufi badala ya herufi zenyewe, na F32 ni kutawanya neno kwa nafasi. Hapa suala halibaki kuwa la ladha ya mwandishi.

Emoji ni kisa tofauti kidogo, kwa sababu zina majina yaliyokusudiwa kusomwa. Tatizo lake ni wingi na mahali zinapowekwa. Kila kidole kinachoelekeza chini husomwa kama maelezo ya mkono, mgongo wake, kidole cha shahada na upande kinakoelekea. Mwandishi akichagua rangi ya ngozi, nayo hutajwa. Vidole vitatu vinaweza kuleta maelezo hayo mara tatu. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna uzito wa ziada. Majina ya emoji yapo kwa Kiswahili katika hazina ya CLDR ya Unicode, lakini programu huyataja kwa lugha ambayo yenyewe imewekewa, na simu nyingi za kwetu zimewekwa Kiingereza. Basi sentensi ya Kiswahili inakatwa katikati na maneno ya Kiingereza, kisha inaendelea. Aidha, kidole cha chini hakimwambii kitu mtu asiyeiona skrini. Anachohitaji ni kuambiwa kiungo kinampeleka wapi.

Kukata mistari kwa ajili ya urembo kunadhuru kwa namna isiyotabirika. Kwenye kompyuta, anayesoma kwa mshale wa chini husimama katika kila mstari: “Nguo za harusi na”, kisha peke yake, “vitenge”. Kwenye simu, wasifu mzima huweza kusomwa kama kipande kimoja, na pasipo nukta wala mkato, Kariakoo inaungana na kinachofuata bila pumzi. Mwandishi hawezi kujua ni lipi kati ya hayo litatokea. Anachoweza kutegemea ni alama za uakifishaji, ambazo huipa sauti mahali pa kutua katika hali zote mbili. Ule mstari mnene nao si mchoro. Ni alama kumi na mbili zinazofuatana, na kila moja ina jina.

Wasifu uleule waweza kuandikwa hivi:

```
Fundi Cherehani Kariakoo
Nashona suti, nguo za harusi na vitenge. Duka liko Kariakoo, Dar es Salaam. Kuagiza, fungua kiungo cha WhatsApp. 🧵
```

Emoji moja imebaki, mwishoni, baada ya habari yote kukamilika. Sioni sababu ya kuipiga marufuku. Asiyetaka kuisikia ameshapata alichokifuata.

Wapo watakaosema kuwa programu ndizo zirekebishwe. Pingamizi hili lina uzito, na kazi imeanza. Toleo la 2024.3 la NVDA lilileta uwezo wa kuzirudisha alama za namna hii kwenye herufi za kawaida kwa kanuni za usawazishaji za Unicode. Lakini kanuni hizo hurejesha tu alama ambazo Unicode yenyewe imeziandikia herufi ya asili. F nene ya hisabati inayo. Herufi ndogo za umbo la kubwa, kama ᴀ, zilizotoka katika uandishi wa fonetiki, hazina. Herufi nyeupe ndani ya kiboksi cheusi hazina. Herufi za Kisirili zinazofanana na za Kilatini hazina, wala haifai ziwe nayo, kwani kwa Mrusi hizo ni herufi zake halali. Mashine haiwezi kukisia ni nani anaandika Kirusi na ni nani anajipamba.

Mahali pa kuanzia ni sehemu ya jina, kabla hata ya maelezo. Maelezo husomwa na anayeufungua wasifu, lakini jina huonyeshwa juu ya kila chapisho na pembeni mwa kila jibu, kwa hiyo nyota mbili za kumetameta hurudi kila mwenye jina anapozungumza. Kulikagua ni rahisi: nakili jina, libandike katika kihariri cha maandishi matupu. Kihariri hicho hakiwezi kunenepesha baadhi ya herufi na kuziacha nyingine, hivyo jina likibaki nene kando ya maneno uliyoyachapa mwenyewe, hizo si herufi za kawaida. Anayetaka kujua zaidi anaweza kusakinisha NVDA bila malipo na kufungua dirisha lake linaloonyesha kwa maandishi kila kinachotamkwa. Humo mwenye kuona atasoma kwa macho yake kile ambacho mteja asiyeona amekuwa akikisikia.