Nani Anaongea Kwanza? Historia Fupi ya Komenti ya Pini

Kila video ikiwekwa YouTube, kuna swali dogo ambalo hujibiwa ndani ya dakika chache: ni nani ataongea kwanza huko chini? Watu wengi hudhani hii maneno ni bahati tu. Si bahati. Imepiganiwa zaidi ya miaka 10, na ukijua ilipiganiwa aje, hutawahi tena kupini "asante kwa kutazama".

Turudi nyuma kidogo. Video ya kwanza kabisa YouTube, "Me at the zoo", iliwekwa Aprili 23, 2005 na Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi watatu. Miaka hiyo, nafasi ya kwanza kwenye komenti ilikuwa ya mwenye mbio. Wasee walikuwa wanakimbilia video mpya kuandika neno moja tu, "First!", halafu wanaenda zao. Mwenye video hakuwa na njia ya kuchagua komenti moja ikae juu. Alikuwa kama mtu aliyealika wageni kwake, lakini kiti cha mbele kinakaliwa na yeyote aliyefika mapema.

Novemba 2013, Google wakaamua kupanga nyumba upya. Ili uandike komenti ilibidi uwe na akaunti ya Google+, ule mtandao wao wa kijamii, na komenti zikaanza kupangwa na mashine kulingana na kile ilichoona kinakufaa, badala ya mpya kuja juu. Watu waliwaka. Zaidi ya watu 200,000 walitia sahihi ombi la kupinga mabadiliko. Karim mwenyewe, aliyekuwa kimya kwenye chaneli yake kwa miaka 8, alirudi kuuliza kwa lugha kali kwa nini ahitaji Google+ ndiyo akomenti kwenye video. Kibaya zaidi, mfumo mpya uliruhusu komenti ndefu na linki, kwa hivyo takataka zikaongezeka badala ya kupungua. Julai 2015 Google wakatangaza kwamba wanaachana na sharti hilo.

Hapo kuna somo. Kwanza nafasi ya juu ilikuwa ya mwenye mbio, kisha ikawa ya mashine. Njia zote mbili zilimwacha nje yule aliyetengeneza video, na zote mbili hazikuleta mazungumzo ya maana.

Pini ilikuja Novemba 2016. Siku hiyo YouTube walitoa vitu kadhaa pamoja: kupini komenti moja juu kabisa, kutia alama ya moyo kwenye komenti unayoipenda, na jina la mwenye chaneli kuonekana kwa rangi tofauti akiongea chini ya video yake. Kulikuwa pia na kifaa cha majaribio cha kuzuia komenti zenye shaka hadi uzikague. Kwa mara ya kwanza, mwenye nyumba alipewa kiti cha mbele akigawe mwenyewe.

Na wengi tulikifanyia nini? Matangazo. Linki ya fulana, namba ya kutuma pesa, "nifuate huku na kule". Sina shida na mtu kutafuta riziki, lakini hayo yana nafasi yake kwenye maelezo ya video. Pini ni moja tu kwa kila video, na ukipini nyingine ile ya kwanza inatoka. Hicho kiti kimoja ukikipa tangazo, umeambia watu chumba hiki ni cha kununua, si cha kuongea.

Sasa tuingie kazini. Tuseme naweka video ya dakika 6 kuhusu jina "matatu": vile nauli ya zamani ilikuwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10, na vile mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu magari haya kubeba abiria bila leseni maalum. Nikipini "Mnaonaje?", nitapata "noma sana" 40 na emoji za moto. Si kosa la watazamaji. Swali lenyewe halina mlango wa kuingilia.

Afadhali niandike hivi: "Nauli ya kwanza unayokumbuka kulipa mwenyewe ilikuwa ngapi, na ilikuwa kutoka wapi hadi wapi?" Hapo kila mtu ana jibu, hakuna anayeweza kukosea, na jibu lina vitu viwili: bei na njia. Bei inaleta ubishi, njia inaleta majirani.

Lakini swali lenyewe halitoshi, na hapa ndipo wengi huachia. Swali lililo na majibu sufuri linafanana na mtu anayeongea peke yake kwa stage. Kwa hivyo jibu la kwanza naandika mimi, chini ya swali langu: "Naanza: 20 bob, Kawangware hadi tao, nimesimama njia yote, konda akanirudishia 5 nikajiona tajiri." Hilo jibu linafanya kazi ya kipimo. Anayekuja nyuma yake anaona urefu unaotakikana, anaona Kiswahili cha mtaani kimeruhusiwa, anaona kwamba kicheko kinakubalika. Ningeandika "20" pekee, ningepata nambari tupu.

Kuna kitu cha kiufundi cha kukumbuka. Video ikiwa bado "Private" haina sehemu ya komenti, kwa hivyo huwezi kuandaa pini hapo. Iweke "Unlisted" kwanza, andika swali, bonyeza vidoti vitatu kando ya komenti, chagua "Pin", weka jibu lako la kwanza, halafu ndiyo uigeuze "Public". Mtazamaji wa kwanza anakuta meza imeandaliwa. Na kumbuka jibu lenyewe halipiniki, ni komenti kuu pekee.

Utajuaje kama imeshika? Usihesabu majibu, angalia yanaelekezwa kwa nani. Kama yote yananijibu mimi, hayo ni mahojiano. Siku mtu wa Umoja anamwambia mtu wa Embakasi "wacha uongo, hiyo njia haikuwa 10 bob", na huyo anarudi kujitetea, hayo ni mazungumzo. Hapo kazi yangu ni kunyamaza kiasi, nimuulize mmoja swali la pili, na nisiwajibu wote kwa emoji.

Lakini usiache pini bila mlinzi. Wakora waligundua nguvu ya jibu la kwanza kabla yetu. Walikuwa wanaiga jina na picha ya mwenye chaneli, halafu wanamjibu kila anayekomenti: umeshinda zawadi, niandikie WhatsApp. Mtu anaona uso anaoujua, anatuma pesa. Ilifika mahali Julai 2022 YouTube wakazuia chaneli kuficha idadi ya wafuasi, kwa sababu waigaji walikuwa wanajificha hapo. Kwa hivyo saa ya kwanza baada ya kuweka video, kaa hapo. Ukiona jibu lenye jina lako lakini halina ile rangi ya mwenye chaneli, liondoe na uliripoti mara moja.

Kiti cha mbele hakikai wazi. Usipokalia wewe, atakalia mwenye mbio, mashine, ama mkora. Haya, wewe: nauli yako ya kwanza ilikuwa ngapi, na ulikuwa unaenda wapi?